Pasi ina jina moja, fomu inataka mawili: tupeane uzoefu

Mtu wa Matrah
Assalaam alaykum wana jamvi. Jana nimekaa kumjazia mke wangu fomu ya viza ya Marekani, ile DS-160, masaibu yote ya nyuma yakanirudia. Mke wangu ni mtu wa Java. Kwao jina moja si ajabu, hata marais wao Sukarno na Suharto walikuwa hivyo hivyo. Pasi yake imeandikwa SUHARTI, basi. Ukurasa wa picha una "Full name" tu, haujagawanywa. Fomu nayo inataka Surnames na Given Names, na ukiacha kimoja tupu haikuvushi ukurasa. Wenye wake, waume au wakwe wa namna hii, nyinyi mliandika nini?

Kipusa Tabata
Andika jina la baba yake, kuna ugumu gani? Mimi cheti cha shule kina majina mawili, NIDA wana matatu, nilikwenda kwa wakili nikaapa, hati ya kiapo ikatoka, yamekwisha.

Mtu wa Matrah
Dada, yako ni majina kupishana. Huyu hana la pili popote, hata cheti cha kuzaliwa.

Babu Kijiwe
Weka LNU, yaani jina la ukoo halijulikani, kwenye ukoo, jina lake liende kwenye Given Names. Nimeona kwa macho yangu.

Mama Tiketi
Babu umepatia nusu. Kwa DS-160 jina pekee linaingia Surnames, halafu Given Names unaandika FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Fomu yenyewe ina maelezo hayo pembeni ya kisanduku, watu hawayasomi. Viza ikitoka itasomeka SUHARTI kwenye ukoo na FNU kwenye jina, usiende kulalamika kwamba wamekosea.

Kama pasi yenyewe haisemi lipi ni la ukoo, teremsha macho kwenye ile mistari miwili ya chini ambayo mashine inasoma. Baada ya P na herufi tatu za nchi, ukoo unatangulia, halafu alama mbili za `<<`, halafu majina mengine. Mwenye jina moja, jina lake linakaa upande wa ukoo na baada yake ni alama tupu hadi mwisho. Wa juu ni mwenye majina mawili, wa chini ni kama mke wako:

```
P<TZAJUMA<<ASHA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
P<IDNSUHARTI<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Huo mstari ndio unaosomwa na mashine ya kaunta. Jina la baba ambalo halimo humo ni jina la mtu mwingine, dada Kipusa.

Kipusa Tabata
Haya mama, ila usinisute. Nilitoa msaada.

Mke wa Mtamil
Mmenitonesha kidonda. Mume wangu ni wa Tamil Nadu, tunaishi Dar. Pasi yake ya India ina jina moja kwenye Given Name, Surname peupe. Miaka yote tukipita Dubai bila neno. Novemba 2022 tukapanga kwenda kwa viza ya matembezi kwenye harusi ya mdogo wake. Hatukujua kwamba kuanzia tarehe 21 mwezi huo Emirati walikuwa wamekataza viza za namna hiyo kwa pasi yenye jina moja, liwe upande wa ukoo au upande mwingine.

Tumefika kaunta, mabegi yameshapimwa, watoto wameshapewa kadi za kupandia. Binti wa kaunta anaangalia pasi ya mume wangu, anaangalia skrini, anamwita mkubwa wake. Mkubwa anapiga simu. Tunaambiwa huyu hapandi, sisi wengine ruksa. Mume wangu akafungua ukurasa wa nyuma wa pasi, jina la baba yake limeandikwa pale wazi, akawa anawaonyesha kwa kidole. Wakasema wao wanafuata ukurasa wa picha. Mtoto mdogo akaanza kulia, "baba amefanya nini?" Watu wa foleni wanatutazama kama tumekamatwa na unga. Nikaenda harusini na watoto, bwana harusi anaulizia kaka yake, mimi naeleza habari za visanduku!

Kinachouma zaidi, muda mfupi baadaye wakalegeza: mwenye jina la baba au la ukoo kwenye ukurasa wa pili anakubaliwa. Yaani kile kile alichokuwa anawaonyesha.

Chuma cha Pua
Duh. Pole sana shemeji.

Bint Kilindini
Mimi ningekaa chini hapo hapo kaunta. Harusi iliendaje?

Mke wa Mtamil
Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo.

Babu Kijiwe
Mbona jirani yangu ana jina moja na anaingia Dubai kila mwezi? Hii habari imetiwa chumvi.

Mke wa Mtamil
Babu, chumvi ya nini? Uliza jirani yako kama ana kadi ya ukaazi. Wenye ukaazi hawakuguswa, ni sisi wa matembezi.

Babu Kijiwe
Anafanya kazi kule, ndiyo.

Mama Tiketi
Basi ndiyo jibu. Tuendelee.

Mkalimani Ohio
Huku kwetu FNU haiishii kwenye viza. Nawatafsiria wakimbizi wa Kongo, na kuna mzee wa Kivu ya Kusini aliyeandikishwa kambini jina moja. Kadi yake ya ukaazi ikatoka na FNU kama jina, ikahamia kwenye leseni ya udereva, kisha benki. Hospitali wanamwita "Mister Fnu" na yeye anaitika, amechoka kueleza. Nyaraka zote sasa zinafanana, kwa hiyo hazimkwamishi, ila si jina lake. Akijaza N-400 ya uraia anaweza kuomba jina jipya humo humo, lakini litabadilishwa kama kiapo kinasimamiwa na mahakama. Kiapo cha ofisini hakina mamlaka hayo.

Chuma cha Pua
Kwa hiyo FNU kila mahali?

Mkalimani Ohio
Thubutu. Kanada wanataka kinyume. Fomu zao zinasema jina pekee liingie kwenye ukoo na kisanduku cha pili kiachwe tupu. Usiandike nyota, wala "Unknown". Aliyezoea ya Marekani anajikwaa hapo.

Bint Kilindini
Si bora huyo mama aongeze tu jina kwao? Nasikia Indonesia siku hizi ni lazima majina mawili.

Mtu wa Matrah
Ni kanuni yao ya 2022, jina lisipungue maneno mawili, lakini waliokwisha andikishwa zamani hawakulazimishwa. Nilipomgusia akaniuliza kama mimi nitabadilisha langu. Nikanyamaza.

Mama Tiketi
Ulifanya vizuri kunyamaza. Sasa tiketi, maana hapo ndipo watu wanapoanguka. Kila shirika lina mtindo wake. Kwa Amadeus, mfumo tunaokatia tiketi, naandika `NM1SUHARTI/FNU MRS`, wengine wanataka jina lirudiwe `NM1SUHARTI/SUHARTI MRS`, wengine wanaweka cheo peke yake mahali pa jina. Muulize anayerusha ndege, si tovuti iliyokuuzia. Uliza kabla ya kulipa, maana wengi hawakubali kubadilisha jina baada ya tiketi kutoka, itabidi ufute ununue upya. Dalili kwamba kuna tatizo ni kukataliwa kufanya check-in kwa mtandao. Ikikukataa, usingoje asubuhi ya safari, piga simu siku hiyo hiyo.

Mtu wa Matrah
Allah akuzidishie mama. Fomu nimeituma, SUHARTI na FNU. Lakini safari ina ndege za mashirika mawili kwa tiketi moja. Wa kwanza wamesema FNU, wa pili wanasema jina mara mbili. Nifuate nani?

Babu Kijiwe
Nenda kwa meli.

Mama Tiketi
Tiketi moja ni jina moja tu, haligawanyiki. Mimi hufuata aliyetoa tiketi, halafu namwambia aandike maelezo kwenye oda ili wa pili ayaone. Imenifanyia kazi mara nyingi, si mara zote. Au kata tiketi mbili, ila mzigo utauchukua na kuukabidhi upya katikati, na ukichelewa ya kwanza, ya pili imekula kwako.

Mke wa Mtamil
Mimi ningekata mbili.

Mkalimani Ohio
Mimi moja, na pasi iwe mkononi.