Naomba ushauri: kitabu kugeuka kikirushwa kwenye mhimili wa kati

Ndugu wanajamvi, kitabu cha sentimita 20 kwa 15 kwa 3, kilichofungwa kwa mpira kisifunuke, huzunguka vizuri kwenye mhimili mkuu unaofuata mgongo wake, wenye inesha ndogo kabisa, na kwenye ule unaotoboa majalada, wenye inesha kubwa kabisa. Bali kwenye mhimili wa kati, sambamba na upana, hupinduka.

Milinganyo ya Euler inanionyesha kwamba hapo mwinamo mdogo hukua takribani mara 24 kwa kila mzunguko, hata ukikirusha kwa kasi zaidi, ilhali kwenye mihimili mingine huyumba tu.

Naomba mnishauri: nitawaelezaje wanafunzi wasiojua kalkulasi kwa nini wa kati pekee hukuza mwinamo?