Odi ya mshindi haikutikisika baada ya veto, ila -1.5 ikapanda. Nilikosea wapi?

Kijana_wa_Mkeka

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie, maana jana nimechanika nikabaki naangalia ukuta.

Ilikuwa mechi ya Counter-Strike 2, Bo3. Timu zenyewe sitazitaja, niziite Wekundu na Wabluu. Asubuhi Wekundu kushinda mechi walikuwa 1.50, Wabluu 2.50. Hendikapu ya ramani, Wekundu -1.5 ilikuwa 2.70 na Wabluu +1.5 ilikuwa 1.42. Mimi 1.50 naiona haina maana, nikaweka elfu kumi kwenye -1.5.

Veto ikatoka kama robo saa kabla ya mechi. Wekundu wamechagua Nuke, Wabluu wamechagua Mirage, ya tatu ikibidi ni Dust2. Nikafungua kampuni, mshindi wa mechi bado yuko 1.52, yaani hakuna kilichobadilika. Ila -1.5 imepanda hadi 3.10. Nikasema hii ni zawadi, nikaongeza elfu tano.

Nuke 13-6. Nikaanza kupiga hesabu ya hela. Mirage 8-13. Dust2 wakashinda 13-9. Timu yangu imeshinda mechi, mimi nimeliwa elfu kumi na tano.

Swali: kama veto haikubadilisha odi ya mshindi, kwa nini -1.5 ilipanda? Na kuna namna ya kuliona hili mapema?

Babu_Odi

Pole kijana. -1.5 ndiyo inayolipa, usiiache. Timu ikiwa na nguvu kweli inamaliza 2-0, na odi ni karibu mara mbili. Kosa lako ni kuchagua timu isiyo na nguvu ya kutosha. Chukua wale wa 1.20 kushuka chini, weka -1.5, utaniambia.

Mama_Raundi

Mbona mimi naweka -3.5 na nashinda tu? Nuke hiyo ya 13-6 ni tofauti ya saba, ungelipwa.

Kijana_wa_Mkeka

Dada hiyo yako ni ya raundi ndani ya ramani moja. Mimi naongelea ramani zenyewe, -1.5 maana yake lazima 2-0.

Mama_Raundi

Aah. Basi nimeingia mlango wa jirani. Endeleeni.

Fundi_wa_Veto

Kijana, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na jibu liko kwenye kitu kimoja: odi ya mshindi na odi ya -1.5 hazisomi veto kwa jicho moja.

Anza na odi za asubuhi. 1.50 kwa 2.50, ukiondoa faida ya kampuni, Wekundu wanapewa asilimia 62 hivi kushinda mechi. Ukidhani wana uwezo uleule kwenye kila ramani, ili kufika hapo wanahitaji kama asilimia 58 kwa kila moja. Kushinda mbili mfululizo ni 0.58 mara 0.58, yaani asilimia 34. Sasa tazama -1.5 yako ya 2.70: ukiiondolea faida ya kampuni nayo inatoka asilimia 34. Kwa hiyo asubuhi kampuni ilikuwa imeweka odi kana kwamba ramani zote ni sawa. Haikuwa imekosea, haikujua tu zitachezwa zipi.

Kisha veto ikatoka. Nilikuwa naifuatilia mechi hiyo, nadhani naijua, na makadirio yangu yalikuwa hivi. Nuke Wekundu 75. Mirage, ambayo ni nyumbani kwa Wabluu, Wekundu 38. Dust2 60. Wastani wake ni 58, uleule wa asubuhi.

Sasa piga hesabu. 2-0 ni 0.75 mara 0.38, sawa na asilimia 28.5. Njia ya kwanza ya 2-1 ni kushinda Nuke, kupoteza Mirage, kushinda Dust2: 0.75 mara 0.62 mara 0.60, karibu 28. Njia ya pili ni kupoteza Nuke na kushinda mbili zilizobaki, kama 6. Jumla asilimia 62. Umeona? Mshindi amebaki palepale alipokuwa asubuhi. Ila 2-0 imeanguka kutoka 34 hadi 28.5, na odi yake ya haki ni 3.51. Kampuni ilikupa 3.10 ukaiita zawadi.

Ile elfu kumi ya 2.70, kwa makadirio yangu, kila shilingi 100 ilikuwa inarudi 77. Ile elfu tano ya 3.10 ilikuwa inarudi 88. Zote mbili za hasara, ya pili ina nafuu kidogo tu.

Kijana_wa_Mkeka

Fundi subiri kidogo. Kwa hiyo nguvu yao ya Nuke haikunisaidia?

Fundi_wa_Veto

Ilikusaidia kushinda Nuke. Mkeka wa -1.5 unaishi au kufa kwenye ramani aliyochagua mpinzani. Wewe umekuwa unaangalia ngome ya timu yako, wakati ulitakiwa kuuliza: Wekundu wakienda Mirage ya watu, wanatokaje?

Na kuna kingine ambacho wengi hawakitazami. Ramani ya tatu haigusi -1.5 hata kidogo, kwa sababu mkifika huko mkeka wako umeshachanika. Inagusa odi ya mshindi peke yake. Tuseme Nuke na Mirage zibaki vilevile, lakini kwenye Dust2 Wekundu wawe 45 badala ya 60. 2-0 inabaki 28.5. Ila kushinda mechi kunashuka hadi asilimia 54, odi ya haki inakuwa 1.86. Hapo ungeona 1.50 inapaa mbele ya macho yako huku -1.5 imetulia. Jana ilikuwa kinyume chake.

Pwani_Gemu

Mimi swali langu ni la Dota 2, nimeliwa +1.5 wiki iliyopita, hesabu hii inafanya kazi?

Fundi_wa_Veto

Dota ina ramani moja, mkuu. Hapo "ramani" kwenye mkeka ni gemu tu, na kinachobadilika ni mashujaa wanaochaguliwa, ambao huwajui hadi gemu ianze. Valorant ndiyo ina veto inayofanana na hii. Fungulia uzi wako, nitakuja.

Karani_Mstaafu

Fundi ameeleza vizuri, niongeze nilipo mimi. Kwa nini Wabluu waliiacha Nuke ikapita? Kundi lina ramani saba. Kila timu inaondoa moja, kila timu inachagua moja, kisha kila timu inaondoa moja tena, inayobaki ndiyo ya tatu. Wabluu wana mashimo mawili, Nuke na Ancient, na kabla ya kuchagua wanapewa nafasi moja tu ya kuziba. Waliziba Ancient kama kawaida yao, ukiangalia veto zao za nyuma kwenye HLTV utaona ni ileile kila mara. Wekundu nao walifuta Inferno. Ukijua hilo, Nuke ungeitabiri asubuhi, na Mirage pia, kwa sababu Inferno ikishaondoka Wabluu hawana pengine pa kwenda.

Kwa hiyo mkeka wako wa saa tatu asubuhi ulikuwa na taarifa zote, hukuzifungua tu.

Na mbinu ya Babu ya 1.20 ina nusu ya ukweli. Timu kubwa ikicheza na timu ambayo haina ramani hata moja ya kutegemea, ndiyo, 2-0 inawezekana sana. Lakini timu ndogo yenye ramani moja tu inayoijua mpaka usingizini ndiyo inayowaumiza watu wa -1.5. Haikutishi kushinda mechi, ila itakuibia ramani moja na kwenda zake.

Babu_Odi

Nyie na mahesabu yenu. Fainali ya Copenhagen, Machi 2024, NAVI na FaZe: NAVI wanachukua Ancient 13-9, wanapigwa Mirage 2-13, wanarudi wanaua Inferno 13-3. Nani angepiga hesabu ya hiyo? Timu ileile, siku ileile.

Karani_Mstaafu

Babu umeniletea mfano wangu mwenyewe. Timu iliyoshinda Kombe ilipata raundi mbili kwenye ramani moja ya fainali. Aliyekuwa na NAVI mshindi akalala vizuri, aliyekuwa na NAVI -1.5 mkeka wake ulichanikia pale Mirage. Ndicho anachosema Fundi.

Kijana_wa_Mkeka

Basi dawa ni kuchukua Wabluu +1.5 ya 1.42 asubuhi?

Fundi_wa_Veto

Polepole. Kwa makadirio yangu Wabluu kupata angalau ramani moja ni asilimia 71.5. Mara 1.42, kila 100 inarudi 101.5. Nikikosea kidogo tu kwenye Mirage, nikasema 38 kumbe ni 42, faida yote imekwisha na nimeingia hasara. Na baada ya veto +1.5 ilishuka hadi 1.33, hapo haikuwa na kitu tena. Kujua kwamba -1.5 ni mbaya hakumaanishi upande wa pili ni mzuri, kampuni inakata pande zote mbili.

Halafu hizo namba zangu zisikutishe. Kwenye Nuke Wekundu walikuwa wameshinda 9 kati ya 11, ambayo ni 82, lakini nusu ya wapinzani walikuwa dhaifu, nikaishusha hadi 75. Mtu mwingine angeishusha hadi 70. Timu ikibadilisha mchezaji mmoja, hasa anayeshika AWP au anayeongoza wenzake, mechi za zamani zinapoteza thamani na huna tena cha kuhesabu.

Hesabu_za_Usiku

Fundi nakubaliana na karibu yote, ila kuna sehemu unapunja -1.5. Unazidisha 0.75 kwa 0.38 kana kwamba ramani hazijuani. Wekundu wakiamka vizuri siku hiyo, wameamka vizuri Nuke na Mirage pia. Ukishaona wameshinda Nuke 13-6, hiyo 38 ya Mirage mimi siiachi 38, naipeleka 41 au 42. Kwa hiyo 2-0 halisi iko juu kidogo ya 28.5.

Fundi_wa_Veto

Kweli, nakubali. Lakini hata ukiweka 42 unapata 31.5, odi ya haki 3.17. Kijana bado alikuwa chini ya maji kwenye 2.70, na kwenye 3.10 yuko karibu na ufukwe.

Hesabu_za_Usiku

Hapo ndipo tunapoachana. Mimi ningesubiri veto kila mara. Wewe unapenda asubuhi.

Fundi_wa_Veto

Baada ya veto kampuni nyingi zinafunga soko dakika kadhaa, likifunguka odi imeshakaa sawa na wanakubali dau dogo. Asubuhi natabiri veto na huwa nakosea kama mtu mwingine yeyote. Sijui kama kuna mshindi kwenye ubishi huu.

Mama_Raundi

Kumbe na raundi zangu zinategemea ramani ipi? Maana -3.5 nilikuwa naweka bila kuangalia.

Karani_Mstaafu

Dada, njoo na mikeka yako ya mwezi huu tuitazame. Ukiona nyingi ulizoshinda ziko kwenye ramani waliyochagua timu yako, tutakuwa tumepata jibu.

Kijana_wa_Mkeka

Nimeenda kutazama ya wiki nzima. Mikeka sita ya -1.5, minne imechanikia ramani ya pili. Kesho kuna Bo3 nyingine, nimeanza na veto za nyuma za timu ndogo. Wanaondoa Nuke kila siku, na kwenye Ancient sijaona hata mmoja aliyewafunga tangu mwezi uliopita, ila mechi zenyewe ni nne tu. Fundi, nne zinatosha?

Fundi_wa_Veto

Hazitoshi. Tazama walicheza na nani.