Karani wangu nimwandikieje tathmini ya kupanda cheo?

Mzee wa Isevya: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nasimamia ghala la asali hapa Tabora mjini. Karani wangu ni kijana, na kamati itasoma maelezo yangu kuamua kama awe mtunza ghala. Nimeandika hivi: "Ni mchapakazi, ana nidhamu, ila aongeze umakini." Hilo la umakini ni kwa sababu mwezi uliopita stoo ilipungua kilo 46. Nataka nimtendee haki.

Kiloleni Boy: Futa maneno, weka namba tu. Kilo 46 zimepotea, kamati itaamua.

Bi Mkubwa Stoo: Namba ziwepo, lakini namba bila chanzo inaonea mtu. Mzee, hapo umehukumu mwaka mzima kwa tukio la juzi. Fungua leja na hati za kupokelea mzigo tangu mwanzo wa mwaka, uone hesabu za kila mwezi na nani alipokea mzigo uliopungua.

Kasulu Mtumishi: Hata mimi nimejaza kazi zangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, msimamizi hajaidhinisha mpaka leo. Nifanyeje?

Bi Mkubwa Stoo: Pole ndugu yangu, mfuate afisa utumishi wako. Hapa ni ghala la binafsi, wanaandika kwa mkono.

Mzee wa Isevya: Nimerudi. Miezi mingine yote hesabu ilikubaliana na leja. Upungufu unatokana na mapipa mawili yaliyopokelewa karani akiwa likizo. Aliyeshika nafasi yake aliandika uzito wa asali pamoja na pipa, na pipa tupu nimelipima, lina kilo 23. Kumbe hakuna asali iliyopotea. Ila karani aliporudi alisaini makabidhiano bila kupima upya.

Bi Mkubwa Stoo: Basi andika hivyo hivyo: "Hesabu za stoo zilikubaliana na leja miezi yote isipokuwa mmoja. Tofauti ya kilo 46 ilitokana na uzito wa mapipa mawili yaliyopokelewa akiwa likizo. Aliporejea alisaini makabidhiano bila kuhakiki uzito." Kamati inaona kosa lake ni lipi na lisilo lake ni lipi.

Kisha tenga jambo la pili. Kufanya vizuri ukarani hakuthibitishi kwamba ataweza utunza ghala. Mtunza ghala anasimamia vibarua na kuidhinisha mzigo kutoka. Amewahi kukukaimu?

Mzee wa Isevya: Hajawahi.

Bi Mkubwa Stoo: Basi usiandike "hawezi kusimamia", andika "hajapewa nafasi ya kusimamia". Mpe akukaimu kabla kamati haijakaa, kama muda upo. Na asome maelezo, aongeze yake, ndipo asaini.

Kiloleni Boy: Mimi hilo la makabidhiano ningeliacha. Likizo alipewa kihalali, na mzigo ulipokelewa na mwingine.

Bi Mkubwa Stoo: Saini ni yake. Mtunza ghala atakabidhiwa stoo nzima kwa saini kama hiyo, kamati lazima ijue.

Mzee wa Isevya: Hapo bado nasita. Kesho namwita nimsikilize kwanza kwa nini hakupima.