Naomba ushauri: nachimba kisima Kigamboni, naogopa chumvi

Wakuu, habari za leo. Nataka kuchimba kisima cha nyumbani Kigamboni. Mpimaji kapigilia kigingi kona ya nyuma na kusema tushuke mita 60, ila ni hatua kumi na tano tu hadi shimo la choo la jirani. Nimwambie ahamishe?

Kinachoninyima usingizi ni chumvi. Jirani huyo alikuta maji matamu mita 35, fundi akaendelea kushuka kwa kuwa analipwa kwa mita. Leo maji yake hata sabuni haitoi povu. Mimi nataka tuandikiane kwamba tukikuta matamu tunasimama, na mabomba yenye matundu yakae kwenye mchanga wa maji hayo tu, yazungushiwe kokoto ndogo. Mchimbaji anasema kwa kuwa anachimba kwa tope, hawezi kupima chumvi mpaka amalize. Ni kweli?

Tena ananiuzia pampu sasa hivi, kabla kisima hakijapimwa kinatoa lita ngapi kwa saa. Naona ni mapema mno. Na maji yakiwa ya chumvi, nyinyi mlikubaliana kulipa kiasi gani?