Tupeane uzoefu: dai, ushahidi na mbinu katika insha ya kuchambua shairi

MwanaLangoni: Assalaam aleikum. Vijana wanataja takriri na tashbihi bila shida, lakini insha zao hazithibitishi lolote. Mnawafundishaje kuunganisha mbinu na maudhui? Tushike beti mbili za Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, tusitawanyike.

*Nyumba zao mbake zikinawiri*
*kwa taa za kowa na za sufuri,*
*masiku yakele kama nahari,*
*haiba na jaha iwazingiye.*

Na ule wa baadaye:

*Nyumba zao mbake ziwele tame,*
*makinda ya popo iyu wengeme,*
*husikii hisi wala ukeme,*
*zitanda matandu walitandiye.*

BiShela: Waleikum salaam. Mimi huwaambia wasake mbinu kwanza. Hapa kuna takriri, tashbihi "kama nahari" na taswira ya popo. Kila mbinu ipewe aya yake na mfano wake, insha imekwisha.

MaalimMkomani: Bi Shela, kusaka mbinu kwanza ni sawa. Zikigeuka vichwa vya aya, ndipo insha inakuwa orodha. Utaijua kwa jambo moja: ukizibadilisha aya zake nafasi, hakuna kinachoharibika.

Mimi huanza na swali, kipi kimebadilika baina ya beti hizi? Kipande cha mwanzo ni kile kile, "Nyumba zao mbake", mizani sita. Kilichogeuka ni mizani tano zinazofuata: "zikinawiri" imekuwa "ziwele tame", yaani zimekuwa mahame. Sasa tazama, popo wananing'inia juu, kwa hiyo kipo cha kuning'inia. Vitanda navyo bado vipo. Dai linatoka hapo: "Katika beti hizi mshairi haangushi nyumba, anabadilisha wakaaji wake, ili moyo anaousemesha uone kwamba mali humhama mwenyewe hata ikiwa imesimama."

Lilinganishe na lile tunaloletewa kila siku, "mshairi ametumia mbinu nyingi kuonyesha dunia haidumu." Hilo lingekaa juu ya mashairi mia bila kubadilishwa neno.

MamaMalindi: Samahani Maalim, kwa hiyo mtoto afafanue kila mshororo kwa lugha ya kawaida? Wangu wa kidato cha nne huandika hivyo, ukurasa mzima.

MaalimMkomani: Hapana, mama. Hilo ni swali la lugha tutumbi, nalo huulizwa peke yake kwenye karatasi ya tatu. Katika insha, maana ya mshororo ipewe sentensi moja tu, kisha aende kwenye mbinu. Akifafanua ubeti mzima, dai halipati nafasi.

MwanaLangoni: Tuonyeshe aya moja basi, tuione ilivyoshonwa.

MaalimMkomani: Nachukua mshororo wa mwisho:

"Wakaaji wapya wamefika hadi chumbani. Mshairi anasema 'zitanda matandu walitandiye', yaani utando umetanda juu ya vitanda. Sauti 'tand' inasikika mara tatu katika mshororo mmoja, hata kitanda na utando vinakaribia kuwa neno moja. Mahali pa kupumzika mwenye nyumba sasa pamemezwa, hata kwa sauti, na kiumbe asiyemjua, na ndivyo mali inavyobadilisha mwenyewe pasipo kuta kuanguka."

Nukuu ni maneno matatu na imeingia ndani ya sentensi. Wengi hubandika ubeti mzima kisha wanaandika "hii ni takriri". Angalieni pia kwamba sentensi ya mwisho inarudi kwenye dai kwa maneno mengine. Ukiweza kuifuta na aya ikabaki na maana ile ile, kiungo hakikuwapo.

BiShela: Hapo nimekuelewa. Na tashbihi yangu niitupe?

MaalimMkomani: Usiitupe, Bi. Iunganishe na "husikii hisi wala ukeme". Ubeti wa kwanza unajaza macho kwa taa, usiku ukawa kama mchana. Wa pili unalipa sikio ukimya mtupu. Aya moja ibebe zote mbili, kwa sababu nguvu iko kwenye kugongana kwao.

KijanaWaMatondoni: Mimi nabisha kidogo. Matandu wengine huwasoma kuwa ni buibui wenyewe, si utando wao. "Walitandiye" ina wa- kama "wengeme" ya popo. Ikiwa ni hivyo, dai la wakaaji linapata nguvu zaidi, na aya yako yataka kuandikwa upya.

MaalimMkomani: Hoja nzito hiyo. Sauti "tand" itabaki, ila ile "yaani utando umetanda" italazimika kubadilika. Mwanafunzi achague usomaji mmoja na aufuate insha nzima.

KijanaWaMatondoni: Na "husikii", anaambiwa nani? Moyo, au sisi wasomaji?

MwanaLangoni: Shairi linausemesha moyo.

KijanaWaMatondoni: Linausemesha, ndiyo, lakini hapa msomaji naye anajikuta amesimama ndani ya ile nyumba. Mimi ningeandika aya nzima juu ya hilo.