Kitabu ambacho nilisoma, kitabu nilichosoma, kitabu nilisoma

"Nimeandika makala, mhariri akafuta 'ambacho' karibu kila mahali. 'Kitabu ambacho nilisoma' kimekuwa 'kitabu nilichosoma'. Rafiki yangu wa Nairobi anasema hata 'kitabu nilisoma' inatosha. Je, ukiiondoa 'ambacho' sentensi inabaki sahihi? Na mwisho wa kuondoa ni wapi?"

Mwalimu, Morogoro
Inabaki sahihi kabisa, ndugu yangu, kwa sababu mhariri hakukiondoa kiungo. Amekihamisha tu. Ile -cho ya "ambacho" imeingia ndani ya kitenzi: ni-li-cho-soma. Ndivyo tunavyosema pia ninachosoma na nitakachosoma. Wasiwasi wangu ni kwingine. Kama uliandika "kitabu ambacho nimesoma", alikifanyia nini? Hakuna "nimechosoma". Akikigeuza kuwa "nilichosoma" amekubadilishia wakati. Hali kadhalika "kitabu ambacho sikusoma". Ukikifupisha kuwa "nisichosoma", ule wakati uliopita umepotea. Hapo "ambacho" haina mbadala.

Mfasiri, Dar es Salaam
Mimi naifuta kila ninapoiona. Hii "amba-" ni uzungu mtupu, imeletwa na watu wanaowaza kwa Kiingereza.

Mwalimu, Morogoro
Kuhusu wingi wake nakubaliana nawe, maana watu wanaimwaga hata pasipohitajika. Lakini neno ni letu. Limetoka kwenye kitenzi kuamba, yaani kusema, ni ndugu wa "kwamba". Na kuna mahali ukilifuta unaharibu maana. Soma hii: "Mtoto aliyempiga Juma analia." Nani kapigwa? Inaweza kuwa mtoto alimpiga Juma, na inaweza kuwa Juma alimpiga mtoto, kwa kuwa kitenzi chenye -ye- au -cho- hupenda mtendaji wake akae nyuma, kama "kitabu alichosoma Juma". Andika "mtoto ambaye Juma alimpiga" na shaka yote imekwisha.

Mwanafunzi, Tanga
Mimi nilikatwa alama kwa kuandika "kitabu nilichokisoma". Mwalimu wetu alisema -ki- imezidi. Kwa hiyo jibu ni kwamba -ki- iondolewe?

Mwalimu, Morogoro
Hilo ni jambo jingine, mwanangu. Wewe unauliza juu ya -ki- ya kitabu kinachosomwa, mwenzako anauliza juu ya -cho-. "Nilichosoma" na "nilichokisoma" zote zinasemwa na kuandikwa. Mimi nisingekukata.

Muuza vitabu, Nairobi
Huyo rafiki ni kama mimi. Watu nafanya nao kazi husema "kile kitabu nilisoma" kutoka asubuhi hadi jioni na hakuna anayeuliza maana. Wengine husema "mtu mwenye alikuja jana". Hata Kiingereza huacha kiungo mahali kama hapa. Mbona Kiswahili kikatazwe?

Mwalimu, Morogoro
Kiingereza huacha pale tu kitabu kinapotendewa: kitabu mimi nilisoma. Kitabu kikiwa ndicho mtendaji, kama kitabu kilichoungua, kiungo hakiachwi katika maandishi sanifu. Ninyi mnaacha kote kuwili. "Mtu alikuja jana amerudi" mnaisema pia.

Muuguzi, Mombasa
Naomba niseme lililonipata. Nilipokea zamu ya usiku hospitalini nikakuta ujumbe: "Wagonjwa walikunywa dawa asubuhi wasipewe tena." Nikaelewa kwamba wote wamekunywa, basi nisimpe yeyote. Aliyeandika alimaanisha waliokunywa, na wawili walikuwa hawajakunywa. Mmoja wao ndiye aliyeniuliza dawa yake iko wapi, ndipo nikashtuka. Angeandika "waliokunywa", herufi moja tu ya o, nisingekosea. Kwa mdomo sauti ingenionyesha. Karatasi haina sauti.

Muuza vitabu, Nairobi
Pole sana, dada. Kwa ujumbe wa dawa umenishinda, hapo nitaandika "waliokunywa". Lakini "kile kitabu nilisoma kimepotea" haina utata. "Kile" imeshatangaza kwamba kuna maelezo yanakuja.

Mwalimu, Morogoro
Kweli, "kile" inasaidia sana. Katika usanifu bado nitaisahihisha. Je, ni kosa la lugha, au ni sarufi ya Kiswahili kingine chenye taratibu zake? Hapo mimi na wenzangu hatujakubaliana hadi leo.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimerudi kwenye makala. Nimeacha "nilichosoma" kama alivyoandika. Lakini nilikuwa na "jirani ambaye mama alimsaidia", naye kaifanya "jirani aliyemsaidia mama". Sasa inasomeka kana kwamba jirani ndiye msaidizi! Nimeirudisha.

Muuza vitabu, Nairobi
Umefanya vizuri. Mimi pia naandika hadithi, na mhusika wangu ni makanga wa Rongai. Anasema "ile gari nilipanda". Nikimwandikia "gari nililopanda", abiria wake hawatamtambua.