Ripoti yangu ya tukio imerudishwa mara 2, bosi anasema inasomeka kama orodha. Naombeni msaada

zamu_ya_usiku: Habari zenu wakuu. Mimi mlinzi, juzi kulitokea tukio lindoni nikaandika ripoti, imerudi mara ya pili. Msimamizi anasema matukio yote yapo ila "hayashikani". Niliandika hivi:

"Niliingia zamu saa 12 jioni. Nilikagua mageti. Saa 5 usiku umeme ulikatika. Nilienda kuwasha jenereta. Nilisikia kishindo. Nilienda stoo. Mtu alikimbia. Nilikuta kufuli limevunjwa. Nilimpigia msimamizi."

Kila kitu ni kweli na kimepangwa vile kilivyotokea, sasa kosa liko wapi?

Mpenda_Kalamu: Mkuu hiyo ni rahisi, weka "kisha" na "halafu". Niliingia zamu, kisha nilikagua mageti, halafu umeme ulikatika, kisha nilienda kuwasha jenereta. Itatiririka yenyewe.

karani mstaafu: Hapo bado ni orodha ndugu yangu, umeifunga kamba tu. "Kisha" inasema hiki kimefuata kile, basi. Nimesoma ripoti za namna hii miaka mingi, na anayesoma anachotafuta ni kingine: ulikuwa wapi uliposikia kishindo? Huyo mtu alikimbia hujafika au umeshafika? Kwenye sentensi zako hayo hayapo.

Anza na kitu ambacho Kiswahili kimekupa bure, yaani -ka-. Ukishasema "niliingia" mara moja, vinavyofuata vipe -ka-: "Niliingia zamu saa 12 jioni, nikakagua mageti yote, nikayakuta yamefungwa." Hapo huhitaji "kisha" hata moja, -ka- yenyewe imeshabeba ufuatano. Ila muda ukiruka, mfano kutoka saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku, kata, taja saa, rudi kwenye -li- ndio uanze mnyororo mwingine. Ukiburuza -ka- kutoka jioni mpaka usiku wa manane msomaji ataona kama yote yalitokea ndani ya dakika 5.

Yaliyotokea kwa pamoja au yaliyopishana kidogo ndiyo yanataka maneno yake: nikiwa njiani, nilipofika, kabla sijafika, papo hapo. Sijui ilikuwaje kwako, ila tuseme ilikuwa hivi:

"Saa 5 usiku umeme ulikatika. Nikiwa njiani kwenda kuwasha jenereta nilisikia kishindo upande wa stoo, nikageuza nikakimbilia huko. Kabla sijafika mlangoni nilimwona mtu akitoka mbio, nikamwita lakini hakusimama. Nilipofika nikakuta kufuli limeshavunjwa, papo hapo nikampigia msimamizi."

Matukio ni yaleyale, lakini sasa msomaji anakuona ulipo kila hatua.

Dada Mkubwa: Mimi kwetu kazini tunaweka saa kila mstari, 5:00, 5:04, 5:07, na hakuna anayelalamika. Si uweke saa tu mdogo wangu?

karani mstaafu: Dada hicho ni kitabu cha lindo, kinajazwa palepale jambo linapotokea. Yeye anaombwa maelezo. Na kama hakuangalia saa aliposikia kishindo, hiyo 5:04 ataitoa wapi?

Mwalimu_wa_jioni: Nakubaliana na mzee kwenye "nikiwa" na "kabla sijafika", ila -ka- nyingi hivyo mimi naona ni lugha ya hadithi, ripoti ya ofisi ibaki na -li-. Nyongeza moja: chunga sana "hivyo" na "ndipo". Ukiandika "umeme ulikatika, hivyo mtu akavunja kufuli" umeshadai kwamba moja limesababisha lingine, na tena umedai huyo uliyemwona ndiye aliyevunja. Ulimwona akivunja?

karani mstaafu: Kwa -ka- hatutaelewana mwalimu, mimi naona polisi na mahakamani watu wanaeleza hivyo hivyo kila siku. Kwa "hivyo" uko sahihi kabisa.

zamu_ya_usiku: Mwalimu, sikumwona akivunja, nilimwona anakimbia tu, kufuli nilikuja kulikuta. Na mzee, hapo kwenye "nikiwa njiani" umenikosea kidogo ila umenifumbua macho, maana nilipotaka kuiandika nikakumbuka nilikuwa nimeshafika kwenye jenereta, sijaiwasha bado. Nimebadilisha:

"Nilikuwa nimeshafika kwenye jenereta lakini sijaiwasha niliposikia kishindo upande wa stoo. Nikaiacha, nikakimbilia stoo na tochi."

Nimebaki na moja. Simu ya kwanza kwa msimamizi haikupokelewa, ya pili ndio ikapokelewa, na katikati nilizunguka nyuma ya stoo. "Papo hapo" bado itafaa au nitakuwa nimedanganya?

Dada Mkubwa: Inafaa kwa simu ya kwanza tu. Andika "papo hapo nikampigia msimamizi, hakupokea, nikazunguka nyuma ya stoo, niliporudi nikampigia tena akapokea". Na hapo kwenye simu saa unayo, ichungulie.